Nilikwenda kampasi siyo, nikafika saa 4:12. Je, karatasi yangu itasahihishwa?

Ndugu washauri, shikamooni.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Coventry, Uingereza. Mwaka huu nafanya GCSE ya Hisabati kama mtahiniwa binafsi, ngazi ya chini ya Foundation, kwa sababu kozi ya uuguzi ninayoitaka inadai gredi 4. Karatasi ya kwanza ilikuwa saa 3 asubuhi. Saa 2:35 nilikuwa nimeshafika kwenye kampasi ya chuo, ile ile niliyokwenda kulipia ada. Nikatafuta jina langu kwenye orodha ya mlangoni, halipo. Mapokezi wakaniambia watahiniwa binafsi wanafanyia kampasi ya pili, upande wa pili wa mji. Nikawaomba wanipe karatasi hapo hapo, wakakataa. Nikapanda mabasi mawili, foleni, mikono inatetemeka, simu sikioni naongea na shemeji. Nusura nirudi nyumbani, maana kwetu Tanzania ukipitisha nusu saa huingii.

Nikafika saa 4:12. Wakaniingiza, nikaanza saa 4:20, wakanipa saa moja na nusu kamili. Lakini ofisa mitihani alisema nimehesabiwa kuwa nimechelewa sana, atajaza fomu, na bodi ya mitihani inaweza kuikataa karatasi yangu. Sasa silali. Nihudhurie karatasi ya pili na ya tatu, au ndiyo basi? Rafiki yangu ananishauri niseme nilikuwa naumwa ili wanionee huruma. Na kwa nini walininyima karatasi pale nilipokuwa?

Mama Wawili, Coventry

*

Marahaba, dada. Nenda ukafanye karatasi zote mbili zilizobaki, hata kama hujapata neno lolote kuhusu ya kwanza. Hiyo ndiyo sehemu ya jibu isiyoweza kusubiri, kwa sababu karatasi ya pili iko mwanzoni mwa Juni na majibu ya bodi yanaweza kuchelewa kuliko hapo. Sababu zake za kihesabu tutazifikia.

Kwanza tuondoe ile nusu saa kichwani. Uliyoikumbuka njiani ni kanuni ya kweli ya nyumbani: Baraza la Mitihani la Tanzania huwaambia watahiniwa wake kwamba anayechelewa zaidi ya nusu saa haruhusiwi kuingia. Huko uliko mitihani ya GCSE inaendeshwa kwa kanuni za JCQ, baraza la pamoja la bodi za mitihani, na kanuni hizo hazina mpaka huo wa nusu saa kwa aliyechelewa. Zinasema mambo mawili. La kwanza, anayefika baada ya mtihani kuanza anaweza kuingizwa, na uamuzi ni wa kituo chenyewe. La pili, kuna mstari unaotenganisha aliyechelewa na aliyechelewa sana, na mstari huo kwa mtihani wa saa moja au zaidi ni saa moja kamili baada ya muda wa kuanza uliotangazwa na bodi. Mtihani wa asubuhi hutangazwa kuanza saa 3, kwa hiyo mstari ni saa 4. Wa mchana hutangazwa kuanza saa 7:30, na mstari wake ni saa 8:30.

Zingatia maneno “uliotangazwa na bodi”. Kituo kinaweza kuanza dakika chache baadaye kwa sababu foleni ya mlangoni haijaisha, lakini hizo dakika hazisogezi mstari. Saa inayohesabiwa ni ya kwenye ratiba. Na kwa sisi tunaosema saa tatu huku simu ikionyesha 9:00, ni vizuri kuandika muda wa mtihani kwa namna zote mbili kwenye karatasi moja ukutani. Ukichanganya mara moja tu asubuhi yenye haraka, mtihani wa 1.30 pm unaweza kukupita.

Kwa nini ikawa saa moja? Ukijua sababu utaelewa pia fomu yako itasomwa kwa jicho gani. Mtahiniwa aliyekwisha kuingia haruhusiwi kutoka na kuondoka zake kabla ya saa 4. Hata akimaliza saa 3:20, atakaa pale pale chini ya usimamizi. Maana yake ni kwamba hadi saa 4 hakuna mtahiniwa aliyeyaona maswali ambaye yuko nje na simu yake. Anayeingia saa 3:50 hawezi kuwa ameambiwa chochote na mtu aliyetoka. Anayeingia saa 4:12 anaweza, kwa nadharia. Bodi haina haja ya kukushuku wewe binafsi. Inachojua ni kwamba kwa dakika 12 ule uzio ulikuwa wazi, na wewe ulikuwa upande wa nje. Mtihani mfupi wa dakika 45 huonyesha mantiki hiyo vizuri zaidi: huko watahiniwa wote hukaa mpaka mwisho, na aliyechelewa sana ni yule anayefika baada ya muda wa kumaliza uliotangazwa.

Kwa hiyo dakika zako 12 ndizo zilizoleta fomu. Ungefika saa 3:58 ukiwa umetoka jasho lile lile, msimamizi angeandika tu kwenye daftari la matukio kwamba umeingia saa ngapi, ungepewa muda wako, na bodi isingeulizwa kitu. Ukipitisha saa 4, kituo hakiwezi kuyamaliza mambo chenyewe. Kinakuonya kwamba karatasi inaweza kukataliwa (ofisa wako alifanya hivyo, na alipaswa kufanya), kinaituma karatasi yako kwa bodi kama za wengine, na kinawasilisha kwa njia ya mtandao taarifa inayojulikana kwa herufi VLA, ndani ya siku 7 tangu siku ya mtihani.

Taarifa hiyo ni fupi na haina nafasi ya kujieleza kwa hisia. Inataka sababu ya kuchelewa, pamoja na mipango yoyote maalumu iliyofanywa kumfikisha mtahiniwa kituoni. Inataka muda halisi mtihani ulipoanza na kumalizika kwa wengine, kisha muda wako wewe. Kwa upande wako itasomeka takriban hivi: wengine walianza saa 3 na kumaliza saa 4:30, huyu alianza saa 4:20 na kumaliza saa 5:50, sababu, alikwenda kampasi nyingine ya chuo hiki hiki, akaelekezwa na mapokezi, akasafiri kwa basi.

Hapo ndipo una kazi ya kufanya wiki hii. Mpigie ofisa mitihani, au bora umwandikie barua pepe ili ibaki kumbukumbu, umuulize kama taarifa imeshapelekwa. Kama bado, mwombe aandike kwamba saa 2:35 ulikuwa ndani ya jengo la chuo na kwamba mfanyakazi wa mapokezi alikuona na kukuelekeza. Mpe jina la mfanyakazi huyo kama unalikumbuka, au dirisha alilokuwa amekaa. Kama ulipewa kadi ya mgeni au ulisaini kitabu, taja. Kama tiketi za basi bado ziko kwenye simu, piga picha ya skrini yenye muda na uitume. Vitu hivi havikuhakikishii chochote, ila vinabadilisha picha: mtu aliyefika mapema mahali pasipo pake, akashuhudiwa, si sawa na mtu aliyetokea tu mlangoni saa 4:12 bila maelezo.

Usijisumbue kuipigia bodi mwenyewe. Taarifa ya kuchelewa huwasilishwa na kituo, na bodi itakurudisha huko. Kwa jambo hili mtu wako ni ofisa mitihani.

Kuhusu ule mjadala wa simu na shemeji: usiufiche ukiulizwa, na usiupeleke mbele kama hujaulizwa. Ulikuwa unaongea na mtu asiyefanya mtihani huo. Ila kwa mwingine atakayepatwa na haya, tungemshauri apige simu moja kwa kituo, kisha aizime na kuiweka mkobani hadi afike. Ni rahisi kumwambia ofisa “simu yangu imezimwa tangu saa 3:10” kuliko kuanza kueleza uliongea na nani.

Sasa muda uliopewa. Dakika 90 kamili hazikuwa upendeleo. Kanuni zinaelekeza kwamba aliyechelewa na kukubaliwa kuingia apewe muda wote wa mtihani, kadiri mpangilio wa kituo na usimamizi unavyoruhusu. Kwa hiyo chumba kilibaki wazi na msimamizi mmoja alibaki nawe saa 1 na dakika 20 baada ya wengine kuondoka. Kama chumba kingekuwa kimekodishwa hadi saa 5, au kama kulikuwa na mtihani mwingine unaoingia, ungeweza kupata muda pungufu na kusingekuwa na la kudai. Pia elewa kwamba neno “uamuzi ni wa kituo” linakata pande zote mbili. Baadhi ya vituo vinavyopokea watahiniwa binafsi huweka muda wao wa mwisho wa kuingia, mkali kuliko wa JCQ, na huuandika kwenye masharti unayoyasaini siku ya kulipa. Chimbua barua pepe yao ya usajili uyasome kabla ya Juni.

Tuje kwenye hesabu, maana wewe unaogopa kwamba umeshapoteza. Bodi za AQA na Edexcel huweka alama 80 kwa kila karatasi, jumla 240. Bodi ya OCR huweka 100, jumla 300. Tuchukue 240. Bodi ikiikubali karatasi yako, inasahihishwa kama ya mtu mwingine yeyote. Hakuna alama zinazokatwa kwa kuchelewa. Ikiikataa, karatasi ya kwanza inakuwa sifuri na mbili zilizobaki zinabeba mzigo wote, yaani alama 160 kati ya 240. Kwenye Foundation mpaka wa gredi 4 katika miaka ya karibuni umekuwa zaidi ya nusu ya jumla, kwa hiyo zaidi ya alama 120. Maana yake, bila karatasi ya kwanza, utahitaji zaidi ya robo tatu ya alama zote za karatasi ya pili na ya tatu. Ni mlima, hatukudanganyi. Kwa mtu wa ngazi ya juu ya Higher, ambako mpaka wa gredi 4 uko chini sana, karatasi mbili zingeweza kutosha bila shida kubwa.

Lakini angalia upande wa pili wa hesabu hiyo. Bodi ikiikubali karatasi ya kwanza na wewe hukwenda ya pili na ya tatu kwa kukata tamaa, utabaki na alama zisizozidi 80, na hapo hakuna gredi 4 kwa namna yoyote. Kukataliwa ni jambo linaloweza kutokea. Kutokwenda ni sifuri ya uhakika. Tena, kama bodi yako ni AQA au Edexcel, karatasi ya pili na ya tatu zinaruhusu kikokotoo, ambacho kwenye ya kwanza hukuwa nacho.

Kuhusu ushauri wa rafiki yako, ukatae leo. Kuna utaratibu unaoitwa uzingatiaji maalumu, ambao mtu aliyeugua, aliyefiwa au aliyepata ajali siku ya mtihani anaweza kuombewa na kituo. Kwa aliyekosa karatasi nzima kwa sababu inayokubalika, bodi inaweza kukadiria gredi kutokana na karatasi nyingine, mradi awe amefanya angalau asilimia 25 ya mtihani wote. Inavutia kweli. Ila mwongozo wa JCQ unawataja kwa maneno yao wale wasiostahili, na miongoni mwao ni mtu aliyesoma ratiba vibaya au kushindwa kufika mahali panapotakiwa kwa muda unaotakiwa. Ni wewe kabisa, dada, kama vile waliandika wakikuangalia kituo cha basi. Kwa hiyo huruma unayoambiwa uiombe haipo kwa kosa hili, na ukitunga ugonjwa ili uipate, jambo linahama kutoka kuchelewa kwenda kwenye udanganyifu wa mtihani. Huko adhabu inaweza kufika hadi kufutiwa somo zima, pamoja na karatasi ulizofanya vizuri. Isitoshe, kituo tayari kina shahidi wa mapokezi aliyekuona mzima saa 2:35.

Rafiki mwingine huenda akakutajia siku ya akiba iliyowekwa kwenye ratiba mwishoni mwa Juni. Hiyo nayo si yako. Imewekwa kwa dharura inayovuruga mitihani ya watu wengi kwa pamoja, na haitumiki kumfanyisha mtihani mtu mmoja aliyekosea njia.

Swali lako la mwisho ndilo linalofundisha zaidi. Mapokezi waliokunyima karatasi hawakuwa na roho mbaya. Karatasi za mtihani hufika kituoni kwenye pakiti zilizofungwa, kwa idadi inayotokana na majina yaliyosajiliwa, na hukaa kwenye stoo yenye ulinzi hadi asubuhi ya mtihani. Bodi ni kadhaa, na kila bodi ina Foundation na Higher. Pale ulipokuwa inawezekana kabisa walikuwa na wanafunzi wa hisabati ukumbini, lakini wa bodi nyingine au wa Higher tu. Hata kama pangekuwa na nakala ya ziada ya karatasi yako, jina lako halikuwa kwenye fomu ya mahudhurio ya pale, hakukuwa na kiti chako kwenye ramani ya ukumbi, na kitambulisho chako kilipaswa kukaguliwa na watu wenye kumbukumbu zako. Na endapo kampasi hizo mbili zina namba tofauti za kituo, basi kwa bodi hivyo ni vituo viwili tofauti. Kuhamisha mtahiniwa kutoka kituo kimoja kwenda kingine kunaombwa mapema, hakufanyiki mlangoni saa 2:50.

Na mtego ulioingia ndani yake uko kwenye karatasi yako ya usajili. Itoe uiweke mezani. Juu kuna namba ya kituo, tarakimu 5. Chini yake namba yako ya mtahiniwa, tarakimu 4. Kisha orodha ya karatasi: msimbo wa somo, tarehe, kipindi cha asubuhi au mchana, na muda mtihani unaochukua. Watu wengi huona namba ya kituo, huitafuta mtandaoni, hupata anwani ya chuo, na huko ndiko wanakokwenda. Namba hiyo hukuonyesha nani anasimamia mtihani wako. Mlango wa kuingilia ni habari nyingine. Chuo chenye kampasi tatu kinaweza kutumia namba moja kwa zote, na kituo kinaruhusiwa, kikishatoa taarifa rasmi, kuendeshea mitihani nje ya anwani yake iliyosajiliwa. Ndiyo maana watahiniwa binafsi hujikuta kwenye ukumbi wa kanisa, kwenye jumba la michezo au kwenye jengo la pili ambalo hawajawahi kulisikia. Ofisi unakolipia ada na chumba unakofanyia mtihani ni sehemu mbili mpaka utakapothibitishiwa kwamba ni moja.

Unachohitaji kukitafuta ni ratiba binafsi au ratiba ya viti, ambayo kwa kawaida kituo hutuma baadaye kabisa, wiki chache au hata siku chache kabla. Hiyo ndiyo yenye jina la jengo, chumba na namba ya kiti. Mara nyingi inakuja kama kiambatisho mwishoni mwa barua pepe ndefu yenye maonyo ya simu na saa za mkononi, na mtu mwenye wasiwasi husoma maonyo akaacha kiambatisho. Ifungue. Isome kwa kila karatasi peke yake, kwa sababu karatasi ya pili inaweza kuwekwa chumba kingine au hata jengo tofauti na la kwanza. Ukumbi mkubwa wa Mei unaweza kuwa umechukuliwa Juni. Kama haijataja jengo, andika swali moja lisilo na mzunguko: “Karatasi ya pili tarehe fulani, naingilia jengo gani, mtaa gani, msimbo gani wa posta?” Msimbo wa posta ndio wa kuingiza kwenye ramani ya simu, maana majina ya kampasi hufanana. Halafu panda basi hilo hilo siku ya kazi, saa ile ile ya asubuhi, uone linachukua dakika ngapi. Basi la Jumapili halikuambii kitu.

Ikitokea tena, Mungu apishe mbali, utaratibu wako uwe huu. Ukigundua uko pasipo pako, usianze kukimbia kabla ya kupiga simu. Mwombe mtu wa mapokezi ampigie ofisa mitihani kwa simu ya ndani. Anajua namba ambayo wewe ungeitafuta dakika tano. Ofisa akijua unakuja, atamwambia msimamizi, na ukifika utakutana na mtu mlangoni badala ya kutangatanga kwenye korido huku kila mlango umeandikwa kimya. Kisha hesabu kwa ukweli kama utafika kabla ya saa 4, au kabla ya 8:30 kwa mtihani wa mchana. Kama basi litakupitisha mstari na teksi itakuwahisha, hapo ndipo pesa ya teksi inapofaa kukopwa. Kama hata teksi haitoshi, uliza kama kuna mfanyakazi anayeweza kusafiri nawe. Si kila kituo kitakubali, lakini kikikubali, huo ndio mpango maalumu ambao VLA ina nafasi ya kuuandika, na unaziba kabisa ile hofu ya wewe kukutana na aliyetoka ukumbini.

Ukifika mlangoni, kinachokula dakika za wachelewaji ni mkoba. Kitambulisho chenye picha, cha asili na si picha kwenye simu, kiwe mfukoni na si chini ya chakula. Simu izimwe na ikabidhiwe, saa ya mkononi pia iache nje. Ukumbini kuna saa ya ukutani kubwa inayoonekana. Kalamu za wino mweusi ziwe kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha kilichomo ndani. Msimamizi atakusomea maelekezo yako peke yako kwa sauti ya chini, atakuandikia muda wako wa kuanza na wa kumaliza, na hapo usione haya kumuuliza, “Mimi namaliza saa ngapi?” Ulianza dakika kumi kabla ya wengine kumaliza, kwa hiyo lazima uliwasikia wakikusanyiwa karatasi, viti vikiburutwa, na moyo ukadhani muda wako umekwisha. Ile saa iliyoandikwa kwa ajili yako ndiyo ya kuitazama.

Endapo matokeo ya Agosti yatatoka na gredi 4 haipo, Hisabati ni moja ya masomo machache ya GCSE yanayofanyika tena Novemba mwaka huo huo, na mtu mzima anaruhusiwa. Usajili wake hufungwa mwanzoni mwa Oktoba, kwa hiyo una wiki chache tu baada ya matokeo, na vituo vinavyopokea watahiniwa binafsi wa Novemba huwa vichache kuliko vya Mei. Muulize ofisa mitihani sasa hivi, kwenye barua pepe ile ile ya VLA, kama wao watapokea watu Novemba. Na ukiwa bado unaandika, muulize pia watafanyia jengo gani.